Mpango wa biashara ya kusaga mahindi Tanga: kutoka kilo moja hadi hesabu ya mwaka

Mwongozo huu unahusu kinu kimoja cha kusaga mahindi, chenye mota ya umeme ya kilowati 15, yaani nguvu za farasi 20, kilichowekwa kwenye banda la kupanga katika eneo kama Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, ambako watu huleta mahindi yao kwa debe na kwa gunia ili wasagiwe dona. Nimechagua kinu cha namna hii kwa sababu ndicho kinachoanzishwa na watu wengi, na ndicho ninachokifahamu kwa mikono yangu mwenyewe. Bei nitakazotumia kwa mahindi, kodi ya banda, mishahara na vipuri ni za mfano, na msomaji ataziondoa na kuweka za mtaani kwake. Njia ya kupiga hesabu ndiyo isiyobadilika.

Makosa mengi katika biashara hii hutokana na kupanga kwa mwezi badala ya kupanga kwa kilo. Mtu anaona foleni ya madebe mwezi wa nane, anahesabu fedha za siku hiyo, anazidisha mara thelathini, kisha anakopa kwa hesabu hiyo. Kilo moja ya mahindi inayopita kwenye kinu inapaswa kulipa umeme wake, kulipa sehemu yake ya nyundo, chekeche, mikanda na mota vinavyochakaa, kisha kinachobaki ndicho kilipe banda na watu. Ukiijua kilo moja, utaujua mwezi mzuri na mwezi mbaya kabla haujafika.

Hatua ya kwanza: pima umeme kwa gunia

Wateja wa TANESCO wenye matumizi ya kawaida, wakiwemo wenye viwanda vidogo vya umeme wa njia tatu, huwekwa katika kundi la T1. Bei ya msingi ya kundi hilo ni shilingi 292 kwa uniti moja, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na tozo za REA na EWURA, uniti moja inafika takriban shilingi 356 unaponunua kwa LUKU. Kundi la T2, ambalo lina uniti ya bei ndogo lakini lina malipo ya ziada kwa kiwango cha juu cha umeme unachovuta, ni la wanaotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi. Kinu kimoja cha kilowati 15 hakifiki huko, kwa hiyo usipange biashara yako kwa bei ya T2 uliyosikia kwa mwenye kiwanda kikubwa.

Usikubali kuambiwa na muuza mashine kwamba kinu chake kinakula umeme kidogo. Pima. Chukua gunia moja la mahindi makavu, lipime kilo 100 kwenye mizani, andika uniti zilizobaki kwenye mita, washa mashine, saga gunia lote bila kusimama, zima, kisha andika tena uniti zilizobaki na dakika zilizotumika. Fanya hivyo kwa magunia matatu, siku tofauti, kisha chukua wastani. Kinu cha kilowati 15 chenye nyundo nzuri na chekeche la matundu ya milimita moja kikisaga gunia kwa dakika 20, kitatumia takriban uniti 5. Uniti 5 kwa shilingi 356 ni shilingi 1,780, yaani karibu shilingi 18 kwa kilo.

Namba hiyo ya uniti kwa gunia iandikwe ukutani kwa chaki, karibu na stata, yaani swichi ya kuwashia mota. Faida yake si hesabu ya fedha peke yake. Siku utakayoona gunia lilelile linakula uniti 7 na kuchukua nusu saa, mashine inakwambia kwamba kuna kitu kimechakaa, ama mahindi yana unyevu, ama umeme umeshuka, na inakwambia wiki kadhaa kabla haijasimama.

Wateja wanaotaka sembe wana hesabu nyingine, kwa sababu mahindi hupita kwanza kwenye kinu cha kukoboa chenye mota yake. Ukikoboa kilo 100 utapata sembe ya kilo 75 hivi, nyingine ikiwa ni pumba na vumbi, na sembe hiyo husagika haraka kuliko mahindi mazima kwa kuwa ganda limeondoka. Kwa mota mbili za kilowati 15, safari nzima ya gunia inaweza kufika uniti 8 na nusu, yaani takriban shilingi 30 kwa kila kilo ya mahindi iliyoletwa. Kwa hiyo bei ya kukoboa na kusaga haiwezi kulingana na ya dona, hata kama jirani yako amezilinganisha.

Palipo na umeme wa njia moja tu, watu huuliza kuhusu injini ya dizeli. Injini inayofanya kazi ya kilowati 15 hunywa karibu lita 4 kwa saa. Tukisema lita ni shilingi 2,800 na saa moja inasaga kilo 300, mafuta peke yake ni shilingi 37 hivi kwa kilo, zaidi ya mara mbili ya umeme, kabla hujabadilisha oili wala kusafisha chujio. Dizeli inafaa mahali ambapo hakuna kinu kingine na wateja wako tayari kulipa tofauti hiyo. Pongwe, Muheza au Korogwe mjini, ambako mwenzako ana umeme wa njia tatu, utashindana naye ukiwa umeshapoteza shilingi 19 katika kila kilo.

Hatua ya pili: panga bei ya kusagia, na upime kwa kilo

Tuchukue kwamba mtaani kwako dona inasagwa kwa shilingi 100 kwa kilo. Ondoa umeme wa shilingi 18, kisha ondoa shilingi 12 za mfuko wa vipuri, ambao nitaueleza mbele. Zinabaki shilingi 70. Hizo ndizo zinazokwenda kulipa gharama ambazo hazingoji mahindi: kodi ya banda, mwendesha mashine, msaidizi wake na mlinzi. Kwa mfano huu tuseme jumla yake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Gawa 600,000 kwa 70, utapata kilo 8,571. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi hiyo ni karibu kilo 330 kwa siku, yaani magunia matatu na debe mbili. Chini ya hapo unawalipa watu kwa fedha za mfukoni.

Debe ndilo kipimo ambacho wateja wamelizoea, nami silipingi, lakini debe la kujaza usawa wa mdomo na debe la kilele yanatofautiana kwa kilo kadhaa, na yule anayeleta kilele kila mara anasagiwa sehemu bure. Weka mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo na yenye stika yake ya mwaka, pima mbele ya mteja, na utamke uzito kwa sauti. Mwanzoni baadhi watanung'unika. Baada ya mwezi mmoja ni wao wanaouliza kwa nini kwingine hawapimiwi.

Suala la pumba liamuliwe kabla ya siku ya kwanza na liandikwe ukutani. Pumba hununuliwa na wafugaji wa kuku na ng'ombe, na kilo 20 za pumba kutoka kwenye gunia moja zinaweza kuzidi ada yako ya kukoboa. Zipo mashine ambazo pumba hubaki kwa mwenye kinu na ada ya kukoboa hupunguzwa, na zipo ambazo mteja huondoka na vyote. Njia zote mbili ni halali. Linaloleta ugomvi ni mteja kuligundua hilo mlangoni, akiwa ameshika mfuko mtupu.

Kuhusu vibali nitasema machache. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, leseni hutolewa na halmashauri, na kwa kuwa unashughulika na chakula, jengo lako linapaswa kusajiliwa na TBS, ambayo ndiyo iliyobeba jukumu la usalama wa chakula tangu 2019. Ukiishia kusagia watu mahindi yao, mzigo wako ni huo. Ukianza kufunga unga kwenye mifuko yenye jina lako, unaingia katika ukaguzi wa bidhaa na masharti ya kuongeza virutubishi, na hiyo ni biashara ya pili yenye mtaji wake.

Hatua ya tatu: jua mahindi yanakotoka na lini yatakwisha

Kinu kinaendeshwa na mahindi zaidi kuliko umeme, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Mkoa wa Tanga una misimu miwili ya mvua. Mahindi ya masika huvunwa kuanzia mwezi wa saba katika sehemu nyingi, na ya vuli, pale yalipostawi, huvunwa mwanzoni mwa mwaka. Baada ya kila mavuno, familia husaga mahindi yao wenyewe na mashine haipumziki. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, wakati mvua inanyesha na maghala ya nyumbani yamekauka, watu hununua unga wa kilo moja moja dukani, na wewe unakaa kwenye benchi.

Kwa hiyo mwaka upangwe kwa mafungu matatu. Tuseme miezi minne ni mizuri, ya kilo 26,000 kila mmoja. Miezi minne ni ya kati, ya kilo 16,000. Na miezi minne ni mibaya, ya kilo 8,000. Mwezi mzuri unaacha shilingi 1,220,000 baada ya gharama zote, wa kati unaacha 520,000, na mbaya unakula shilingi 40,000. Mwaka mzima ni shilingi 6,800,000. Kama mtaji wako wa mashine, mota, stata, kuunganishiwa umeme, mizani na kutengeneza banda ulikuwa shilingi milioni 12, utaurudisha baada ya miezi 21 hivi. Aliyepiga hesabu kwa mwezi mzuri peke yake aliamini kwamba ataurudisha kwa miezi kumi, na akakopa kwa masharti ya mwaka mmoja. Mtu huyo nimemwona zaidi ya mara moja, na mashine yake ndiyo inayouzwa kwa bei ya kutupa mwezi wa tano.

Njia ya kujaza miezi mibaya ni kuwa na mahindi yako mwenyewe. Nunua mwezi wa nane na wa tisa, wakati bei ya Handeni, Kilindi na Korogwe iko chini, yahifadhi, kisha uyasage na kuyauza kwa jumla kwa wenye maduka, shule na mama lishe kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Vuli ikikosekana, wafanyabiashara wengi huagiza kutoka soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na nauli ya lori huingia kwenye kila kilo.

Unaponunua shambani, kataa lumbesa. Ni kosa kisheria, na zaidi ya hapo inakuharibia hesabu, kwa kuwa hujui umenunua kilo ngapi. Beba mizani yako. Kisha pima unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna kipimo cha umeme, tumia chumvi: chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia mahindi robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Ikishuka yote chini, ni makavu ya kutosha kuendelea na bei. Jino nalo husaidia, maana punje kavu hukatika kwa mlio na mbichi hubonyea, lakini jino halikupi ushahidi wa kumwonyesha muuzaji.

Unyevu ni fedha. Ukinunua kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 17 ukazikausha hadi 13, zitabaki kilo 954. Ukipepeta takataka na kutoa mahindi mabovu, ukapoteza asilimia mbili zaidi, zinabaki 935. Tuseme ulinunua kwa shilingi 700 na usafiri ukawa shilingi 50 kwa kilo; ulidhani mahindi yako yana thamani ya shilingi 750, kumbe kilo moja iliyo tayari kusagwa imekugharimu shilingi 802. Zikoboe hizo kilo 935, utapata sembe ya kilo 700 hivi na pumba zaidi ya kilo 200. Ukihesabu umeme, vipuri na vibarua kwa shilingi 55 kwa kilo ya mahindi, ukaondoa shilingi 75,000 ulizouzia pumba, kilo moja ya sembe imekusimamia kwenye shilingi 1,038 kabla ya mfuko wa kufungia. Mwenye duka akikupa 1,000, mshukuru na urudi na mzigo wako.

Ghala la pwani lina adui wawili. Wa kwanza ni hewa yetu yenyewe, ambayo ina unyevu mwingi, hata mahindi yaliyokuja makavu kutoka Kiteto huanza kuvuta maji yakilazwa kwenye sakafu ya saruji. Yaweke juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Wa pili ni dumuzi, ambaye wakulima wengi wanamwita Skania, pamoja na fukusi. Dumuzi huacha unga mwingi chini ya gunia, na ukiona unga huo ujue kilo zako zinaondoka. Mifuko isiyopitisha hewa, ile inayouzwa kwa jina la kinga njaa, huwaua kwa kuwanyima pumzi bila dawa yoyote, mradi mahindi yawe makavu na mfuko usitobolewe. Mahindi yenye unyevu ukiyafungia humo, umeyaivisha ukungu.

Na ukungu si jambo la ladha tu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 katika bilioni, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona wala pua kunusa, na kusaga au kupika hakuiondoi. Mteja akikuletea mahindi yaliyobadilika rangi na kunuka uvundo, usisage. Utampoteza siku hiyo, na ni bora apotee.

Kuna wateja wa makopa pia, hasa vijiji vya kusini mwa mkoa ambako muhogo huziba pengo la mahindi. Wapokee, kwani kinu ni kilekile, lakini makopa yaliyoanikwa chini huja na mchanga, na mchanga hula chekeche upesi. Yapepetwe kwanza.

Hatua ya nne: jiandae kwa siku mashine itakapoharibika

Mashine haivunjiki ghafla mara nyingi kama tunavyodhani. Kwanza hubadilisha unga, kisha sauti, kisha harufu. Siku moja mama mmoja wa Kiomoni alichukua unga wake ukiwa bado unatoka kwenye mfuko wa kitambaa, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia, "Mwanangu, leo unga una chenga." Niliangalia nikaona unga wa kawaida. Jioni nilipofungua kinu nilikuta chekeche limepasuka upande wa chini, ufa usiozidi urefu wa kijiti cha kiberiti. Tangu siku hiyo kila gunia la kwanza la asubuhi naupima unga kwa vidole kabla mteja hajaupima.

Nyundo za kinu ni vipande vya chuma vinavyoning'inia kwenye pini na kuzunguka kwa kasi. Zikiwa mpya zina kona kali. Kona zikilika, mahindi hayakatwi bali yanasukumwa, na ndipo uniti kwa gunia hupanda na unga hutoka wa moto. Kwa kuwa nyundo nyingi zina tundu kila mwisho, unaweza kuzigeuza mara tatu, ukatumia kona zote nne, kabla ya kuzitupa. Ukibadilisha, badilisha seti nzima, na nyundo zinazokabiliana ziwe na uzito sawa kwenye mizani ndogo ya duka. Fundi akibadilisha moja tu iliyovunjika akaacha za zamani, kinu kitatetemeka, na mtetemo huo utaua beringi ambazo ni ghali kuliko seti yote ya nyundo. Ndani ya hopa, pale mahindi yanapomiminwa, funga sumaku, kwa sababu msumari mmoja uliotoka kwenye kichanja cha mkulima unatosha kuvunja nyundo na kuchana chekeche kwa pigo moja.

Beringi zijue kwa mkono. Zima mashine baada ya saa moja ya kazi, weka kiganja juu ya nyumba ya beringi. Ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde tano, kuna tatizo. Huenda grisi imekwisha, au imezidi, maana grisi iliyojaa mno nayo huchemsha. Mikanda ikaguliwe kila wiki: ukiibonyeza katikati ya puli mbili ibonyee kidogo tu, na ikiwa mitatu inafanya kazi pamoja, inunuliwe mitatu pamoja.

Mota ndiyo yenye gharama kubwa, na kwangu ilikuja katika mwaka wa pili. Ilikuwa jioni, mwezi wa Ramadhani, foleni ndefu, kila mmoja akitaka unga kabla ya futari. Umeme wa njia moja kati ya tatu ulikatika juu ya nguzo. Mota haikuzima. Ilianza kunguruma kwa sauti nzito, na kijana niliyemwachia mashine alidhani mahindi yameziba, akapunguza kumimina na kuendelea. Mota ya njia tatu ikipoteza njia moja huku inafanya kazi, hujaribu kubeba mzigo uleule kwa njia mbili zilizobaki, na mkondo katika hizo mbili hupanda karibu mara moja na robo tatu. Dakika chache baadaye banda lilijaa harufu ya vanishi iliyoungua. Kusuka mota upya kulichukua siku tisa. Ukihesabu kilo 600 kwa siku kwa shilingi 70, siku tisa ni shilingi 378,000, ukiacha malipo ya fundi, na ukiacha wateja ambao walizoea kinu cha ng'ambo ya barabara na hawakurudi hadi msimu uliofuata. Kosa lilikuwa langu, si la kijana, kwa sababu stata yangu haikuwa na kinga ya fezi.

Kinga ya fezi ni kifaa kidogo kinachozima mota chenyewe njia moja ikikosekana au umeme ukishuka kupita kiasi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kusuka mota. Iwekwe kabla ya gunia la kwanza. Pamoja nayo, hakikisha ovalodi ya stata, yaani kifaa kinachozima mota ikivuta mkondo kupita kiasi, imewekwa sawa. Mota ya kilowati 15 kwa volti 400 huvuta takriban ampea 28 ikiwa na mzigo kamili. Soma kibao cha mota yako mwenyewe. Kwenye stata ya staa-delta, ile inayowasha mota kwa hatua mbili, ambapo ovalodi mara nyingi hufungwa kwenye waya zinazobeba sehemu tu ya mkondo huo, inatakiwa iwekwe kwenye asilimia 58 ya namba ya kibao, yaani karibu ampea 16. Nimekuta mashine ambazo ovalodi imezungushwa hadi mwisho ili "isisumbue kuzima". Hiyo imeondolewa kazi, na mota imeachwa wazi. Mwulize fundi akuonyeshe namba aliyoweka, na aiandike.

Funga pia kipimo cha ampea mbele ya mwendesha mashine, mahali anapoweza kukiona huku akimimina. Mfundishe amimine hadi sindano ifike 26 na asizidishe. Akiona inapanda bila yeye kuongeza mahindi, azime na aangalie. Kati ya saa moja jioni na saa nne usiku, watu wote wakiwa wamewasha majiko, pasi na taa, umeme katika vijiji vilivyo mwisho wa laini hushuka, na mota hufidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Taa ya banda ikififia, simamisha kazi. Magunia mawili yaliyobaki yatasagwa asubuhi. Umeme ukikatika kinu kikiwa kimejaa, geuza stata kwenye kuzima mara moja, fungua mlango wa kinu na utoe mahindi yote kabla ya kuwasha tena, kwa sababu mota inayoanza ikiwa imebeba mzigo ni mota inayoomba kuungua.

Sasa rudi kwenye zile shilingi 12 kwa kilo. Kwa mwaka wa kilo 200,000 zinafika shilingi 2,400,000. Zitenge kila jioni kwenye akaunti yake ya simu, tofauti na ya mauzo, kwa kuzidisha kilo za siku hiyo kwa 12. Miezi mizuri mfuko utaonekana mkubwa na utakushawishi. Usiuguse, kwa sababu nyundo zilizolika mwezi wa tisa ndizo zitakazodai mwezi wa pili. Fedha hizo zikae zikisubiri, na vitu vichache vikae tayari bandani: chekeche mawili, seti moja ya nyundo pamoja na pini zake, mikanda kamili, na beringi mbili zenye namba uliyoisoma kwenye shafti yako mwenyewe. Vipuri hivyo vinapatikana mjini Tanga, lakini mashine haiharibiki saa za duka.

Mota iliyosukwa upya ikirudi, usiiamini kwa sauti yake peke yake. Chukua tena gunia la kilo 100, soma mita, saga, soma tena. Ikiwa ilikuwa inakula uniti 5 na sasa inakula 6, huenda fundi ametumia waya mwembamba au mizunguko pungufu, na tofauti hiyo ya shilingi 356 kwa gunia utailipa katika kila gunia kwa muda wote wa uhai wa mota. Mrudishie akiwa bado anakumbuka kazi yake, ukiwa na namba ya zamani na namba mpya mkononi.